Kumtambulisha Mgeni Kuanzie Ghalani

Katika vijiji vya wilaya ya Kongwa nilikoratibu mafunzo ya wakulima wa mahindi, mkufunzi mgeni alikuwa na utambulisho wake uliozoeleka. Mwenyekiti wa kijiji anakaribisha, waliokaa meza kuu wanatajwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kisha mratibu anasimama na karatasi ya wasifu. Mgeni wetu amesoma chuo fulani, ana shahada fulani, amefanya kazi na mashirika fulani na amewahi kufika nchi fulani. Makofi yanapigwa, mgeni anashika chaki.

Alama ya kwanza kwamba utambulisho huo haukufaa hujitokeza kwenye maswali. Mgeni akimaliza somo lake na kuuliza nani ana swali, mikono inayonyooshwa ni ya kuomba. Mbolea ya ruzuku itafika lini? Mbegu mtatuletea? Wenzetu wa kijiji cha jirani walipewa maturubai, sisi je? Nimewasikia wakufunzi wakilalamika baadaye kwamba wakulima wamezoea kupewa. Mimi naona wakulima hao wamesikiliza vizuri sana. Waliambiwa kwa dakika kumi kwamba aliyesimama mbele yao ni mtu mkubwa mwenye mikono mirefu, nao wakamuuliza kile ambacho watu wakubwa huulizwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu huyo amewahi kufungua gunia lake mwenyewe akakuta limebaki unga.

Kwa wakulima wale, gunia lililobaki unga ndilo lililokuwa tatizo la kila mwaka. Huko mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mavuno yanaanza Mei. Mahindi yakishatoka shambani ni lazima yalishe nyumba hadi mavuno ya mwaka unaofuata, na sehemu yake ilipe ada, madeni ya pembejeo na matibabu. Adui yao mkubwa ni dumuzi, mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima wa zamani walimpa jina la Skania. Hula mahindi yakiwa bado kwenye gunzi na hula yakishapukuchuliwa, na anachoacha ni unga mwepesi wenye vumbi na punje zilizotobolewa kama chujio. Soko la Kibaigwa liko karibu, malori yanapita kila siku wakati wa mavuno, na mkulima anayejua kwamba Desemba atabaki na vumbi huuza Juni kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Hayo yote yanaweza kuandikwa ofisini, na mara nyingi huandikwa huko. Lakini utambulisho unaomfunga mgeni na watu hauwezi kutokana na maelezo ya jumla kama hayo, kwa kuwa kila mtu chumbani anayajua na hayamhusu yeyote kwa jina lake. Ndiyo maana nilijiwekea utaratibu wa kufika kijijini wiki moja kabla ya mafunzo na kuzunguka kwenye nyumba chache, nikiomba kuonyeshwa mahali mahindi yanapolala. Nilikuwa siulizi changamoto zenu ni zipi. Swali hilo limeshaulizwa na kila mradi uliopita na lina majibu yake tayari. Nilikuwa nauliza: mama, gunia la mwisho mlilifungua lini, na mlilikutaje? Mzee, mwaka jana uliuza mwezi gani, na siku ile uliyouza ulikuwa unadaiwa nini?

Majibu ya maswali hayo yalikuwa tofauti na nilivyotarajia, na yalitofautiana kati ya wanaume na wanawake. Wanaume walizungumza kuhusu dawa. Walisema dawa ya unga inayouzwa madukani siku hizi haina nguvu, wengine wakaamini ni ya kughushi, na walipoonyesha walivyoipima niliona kwamba pakiti iliyokusudiwa gunia moja ilikuwa inagawanywa kwenye magunia mawili au matatu ili kubana matumizi. Wanawake walizungumza kuhusu uamuzi. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi kwenye ungo aliniambia bila kuinua uso kwamba dumuzi kwake ana kazi mbili: anakula mahindi, na anampa mume sababu ya kuuza yaliyobaki. Punje zikianza kutobolewa, baba anasema heri tupate hela kuliko tukose vyote, na magunia ya chakula yanapanda lori. Ikifika Februari mama huyo huyo ndiye anayeenda kununua debe kwa bei iliyopanda.

Nilipotoka kwenye nyumba ile nilijua kwamba mkufunzi wa kuja na bango la mzunguko wa maisha ya mdudu asingetosha. Tulimhitaji mtu aliyewahi kushinda mabishano ya nyumbani kuhusu gunia la chakula. Kwa mashauriano na bwana shamba wa kata tukampata mama mmoja mkulima kutoka Babati, aliyekuwa akihifadhi mahindi kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na ambaye wanakikundi wenzake walikuwa wanamtumia kufundisha vijiji vya jirani. Hakuwa na wasifu wa kusoma. Wasifu wake ulijaa mstari mmoja.

Mazungumzo yangu naye kwa simu yalichukua jioni nzima, na naamini hapo ndipo utambulisho ulipotengenezwa. Nilimuuliza lini mara ya mwisho alipoteza mahindi. Mtu mwenye uzoefu wa kweli hujibu swali hilo kwa kutaja mwezi, idadi ya magunia na harufu. Aliyehadithiwa hujibu kwa kusema wakulima wengi hupata hasara. Mama wa Babati alisema Novemba, magunia saba kati ya ishirini, na alijua kabla ya kufungua kwa sababu alisikia mlio mdogo wa kutafuna usiku, na asubuhi akaona vumbi jeupe limezunguka chini ya magunia. Nikamuuliza alibadilisha nini msimu uliofuata, na nani nyumbani alipinga. Akacheka, akaniambia kisa cha magunia matatu ambacho nitakieleza baadaye kidogo. Swali langu la mwisho huwa ni moja kwa kila mkufunzi: ni jambo gani hadi leo bado hujaliweza? Alijibu kwamba panya bado wanamshinda. Mfuko mmoja wa bei kubwa, panya mmoja, tundu moja, na kazi yote imeharibika.

Jibu hilo la mwisho nalithamini kuliko mengine. Wakulima wanapoambiwa kwamba mgeni amefaulu kila kitu, wanahitimisha kwamba ana fedha, ana ghala la saruji au ana ndugu serikalini, na kwamba mambo yake hayafanani na yao. Wakiambiwa kwamba panya bado wanamsumbua, wanamweka kwenye benchi lao. Lakini si haki kulisema bila idhini yake, kwa hiyo nilimsomea kwa simu kila kitu nilichokusudia kukitaja hadharani. Alikataa jambo moja kuhusu familia yake, na nikaliondoa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kulinganisha, na hapa ndipo waratibu wengi huteleza kwa haraka ya kutaka kila kitu kioane. Babati na Kongwa si sehemu moja. Kwa mama yule mavuno huangukia kwenye baridi na mawingu, na hasara yake ya kwanza kabisa kwenye mifuko ile ilitokana na unyevu: aliyafunga mahindi kabla hayajakauka, akafungua akakuta ukungu. Mfuko usiopitisha hewa hauui ukungu kwa uhakika unavyoua wadudu. Wadudu hutumia hewa ya ndani ikaisha, wakaacha kula, kisha wakafa. Lakini mahindi mabichi yaliyofungwa yanaoza humo humo. Kongwa jua ni kali mwezi wa sita, na unyevu si tatizo lao kubwa ilimradi mahindi yasianikwe juu ya udongo. Ningemtambulisha kwa hasara ile ya ukungu, wasikilizaji wangeguna kwa adabu na kungoja chakula cha mchana. Mahali walipokutana naye kwa kweli palikuwa pawili tu: Novemba ya dumuzi, na mume aliyetaka kuuza yote. Nikachagua hapo, mengine nikayaacha ayaseme mwenyewe.

Kulikuwa na kishawishi kingine kikubwa zaidi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu kwenye nafaka, na watu wapatao 20 walifariki. Kongwa inapakana na Kiteto, moja ya wilaya zilizoguswa, na hofu hiyo ilikuwa bado hai midomoni mwa watu. Ningeweza kabisa kumtambulisha mgeni kama mtu atakayetuondolea sumukuvu, na ukumbi ungemsikiliza kwa utulivu mkubwa. Ila yeye si mtaalamu wa jambo hilo. Sumukuvu huweza kuanzia shambani mimea ikiwa na kiu ya mvua, haiondoki kwa kupika, na punje yenye sumu inaweza kuonekana safi machoni. Mfuko mzuri hauwezi kuyasafisha mahindi yaliyoingia tayari na sumu. Kumtwika mama yule jina la mwokozi wa jambo hilo kungemlazimisha ama kubahatisha majibu ama kusema hajui mbele ya watu niliowaahidi mimi. Somo hilo lilikuwa la bwana shamba, na nikampangia saa yake ya mchana.

Bwana shamba mwenyewe anahitaji kufikiriwa. Mgeni akisifiwa kupita kiasi, mtaalamu wa kata anakaa pale akisikia kwa maneno ya kuzunguka kwamba miaka yake yote ya kuendesha pikipiki kwenye vumbi haikuzaa kitu. Akinuna, mafunzo yanaisha siku mgeni anapopanda basi, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki kuulizwa. Kwa hiyo niliingiza ndani ya utambulisho kazi moja aliyokwisha kuifanya, ambayo somo la mgeni lingeiegemea: alikuwa amewafundisha wengi wao kuanika juu ya turubai.

Asubuhi ya mafunzo, itifaki ilichukua nafasi yake kama kawaida. Siamini katika kuipuuza. Mwenyekiti na mtendaji wasipopewa dakika zao, watu hawatulii. Jambo nililoliomba lilikuwa dogo: mgeni asikae meza kuu, akae kwenye benchi na akina mama, na avae khanga aliyokuja nayo badala ya fulana ya mradi. Aliwasalimu kwa Kigogo kidogo alichofundishwa njiani, mbukwenyi, na wazee wakafurahi. Wakati mwenyekiti anamalizia, nilipitisha bakuli la plastiki lenye mahindi yaliyotobolewa niliyoyachukua kijijini hapo hapo, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa ahadi ya kutomtaja.

Kisha nikasimama bila karatasi. Nayaandika hapa maneno yenyewe kama nilivyoyahifadhi kwenye daftari, kwa sababu mratibu anayeanza kazi hii hufaidika na mfano kamili kuliko maelekezo.

“Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, habari za asubuhi. Bakuli linalopita mikononi mwenu lina mahindi ya kijiji hiki, ya msimu uliopita. Sitasema ni ya nani, maana yangeweza kuwa ya yeyote aliye humu. Yashikeni. Waliowahi kukuta mahindi yao hivi kabla ya Krismasi, naomba mnyooshe mikono.”

Mikono ilinyooka karibu yote, na nikangoja. Kungoja huko ni sehemu ya kazi. Watu hutazamana, mtu anamwona jirani yake ambaye hakuwahi kukiri kwamba naye alipoteza, na aibu ya mmoja mmoja inageuka kuwa shida ya wote.

“Asanteni, shusheni. Mama huyu aliyekaa hapa anatoka Babati. Ni mkulima, kama ninyi. Mwaka mmoja alivuna magunia ishirini, akayaweka yote ndani kwa sababu bei ilikuwa mbaya. Novemba alipofungua, saba yalikuwa kama haya ya kwenye bakuli. Nyumbani kwake likatoka agizo kwamba kuanzia sasa tunauza yote shambani. Yeye hakugombana. Aliomba magunia matatu tu ayahifadhi kwa namna nyingine, na akaahidi kwamba yakiharibika hatalizungumza tena jambo hilo. Leo atatueleza hayo matatu aliyakausha vipi, aliyafunga vipi, aliyafungua lini, na baada ya hapo nyumbani waliamua nini. Kwao wakati wa mavuno kuna baridi na mawingu, huku kwetu jua ni kali. Kwa hiyo yapo mambo yake ambayo hayatatuhusu, na tumuulize bila woga. Hakuja kugawa mifuko wala hauzi mifuko, na panya bado wanamsumbua, amenituma niseme hivyo. Bwana shamba wetu, ambaye ndiye aliyetufundisha kuanika kwenye turubai, atatuongoza mchana kuhusu sumukuvu. Kabla ya saa sita kila mmoja wetu atakuwa amefunga mfuko mmoja kwa mikono yake. Mama, swali la kwanza ni la mwanakijiji mmoja, ameniruhusu nilisome. Anasema: nikiweka gunia la chakula, na mwezi wa saba ada ya mtoto ikadaiwa, nitajizuia vipi kuliuza? Karibu.”

Ukiyasoma maneno hayo kwa sauti, hayazidi dakika tatu, nne ukihesabu muda wa kungoja mikono. Kila sentensi iliyomo ina kazi. Sentensi ya kutogawa mifuko iliwekwa ili kufunga mlango wa maombi kabla haujafunguliwa. Ile ya jua na mawingu iliwapa ruhusa ya kupinga, kwa sababu wakulima wa huko kwa heshima yao hawampingi mgeni mbele za watu; watanyamaza, watarudi nyumbani na kusema mambo ya Babati ni ya Babati. Kisa cha magunia matatu nilikikata makusudi kabla ya mwisho wake. Mtambulishaji akisimulia hadi matokeo, anamnyang’anya mgeni somo, naye anabaki kurudia yaliyokwisha kusemwa. Na swali la mwisho liliwekwa mahali ambapo kwa kawaida huwekwa makofi. Nililiweka hapo ili mgeni aanze kwa kumjibu mtu, asianze kwa kujieleza.

Alijibu vizuri. Alisema mfuko haulipi deni, na anayedhani utalipa atalia. Katika msimu wa magunia matatu, yaliyobaki yote yaliuzwa wakati wa mavuno, na ada ililipwa kutokana na hayo. Matatu aliyaita ya chakula tangu siku ya kwanza, akamwomba mumewe ayashike wakati wa kufunga ili iwe ahadi ya wote wawili. Kutoka hapo akahamia kwenye kukausha bila kuambiwa. Akatoa chupa ya soda iliyokauka vizuri, akatia mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, akafunga, akatikisa, akaiweka mezani. Baada ya robo saa chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na kwa kuwa mahindi ya kufungiwa yanapaswa kuwa kwenye asilimia 13.5 au chini, yeye huyarudisha juani siku moja au mbili zaidi hata chupa ikimwambia yamekauka.

Hapo mzee mmoja wa Kongwa alinyanyua mkono na kumwambia kwa upole kwamba huku kwetu, mama, chumvi haishiki kamwe, hilo litupite. Nilifurahi sana. Mzee huyo alikuwa ameitumia ruhusa aliyopewa. Mgeni naye hakukasirika. Akasema vizuri, basi ninyi mmeshinda sehemu iliyonitesa mimi, twende kwenye kufunga. Wakajaza mifuko: wa ndani kwanza, hewa ikakandamizwa itoke, mdomo ukasokotwa, ukakunjwa na kufungwa kwa kamba; kisha wa pili hivyo hivyo, kisha mfuko wa nje wa sandarusi. Kila mfuko wa plastiki ulipulizwa kwanza na kukamatwa mdomo ili kusikiliza kama unavuja, maana dumuzi anaweza kuutoboa na tundu la sindano latosha kuruhusu hewa. Ikawekwa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili panya wasipate njia ya siri.

Maswali yalikuwa ya aina nyingine kabisa. Mume wako alikubali baada ya miezi mingapi? Ukifungua mfuko kuchota debe moja na kuufunga tena, si unaingiza hewa? Alijibu kwamba ndiyo, kwa hiyo mfuko wa kuchotwa kila wiki uwe mmoja, mingine isiguswe. Mfuko huu bei yake ni mara kadhaa ya sandarusi, utarudishaje? Aliwaambia unatumika zaidi ya msimu mmoja usipotobolewa, na kwamba yeye huanza na michache. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama wanandoa wanaweza kuandikiana kwenye daftari la kikundi idadi ya magunia ya chakula. Hilo mgeni hakuwa na jibu lake, na wanakikundi walilijibu wenyewe kwa zaidi ya nusu saa. Hakuna aliyeuliza kuhusu mbolea ya ruzuku.

Si kila mgeni anapatikana akiwa na Novemba inayofanana na ya wasikilizaji. Msimu mwingine nililetewa mfanyabiashara mwenye maghala ya chuma yanayopokea tani kwa tani, mtu hodari na mkarimu. Nilipomuuliza kwa simu, kila alichowahi kupoteza kilikuwa kikubwa kuliko mavuno ya kijiji kizima. Ningemfunga kwa nguvu kwenye magunia kumi ya mkulima, ningemdhalilisha yeye na wao. Nilimwomba abadilishe nafasi: asiwe mkufunzi wa kuhifadhi, aje kama mnunuzi, aeleze lori linapofika ghalani kwake anapima nini na anakataa nini. Kwa nafasi hiyo alikuwa na uzoefu unaowagusa moja kwa moja, na utambulisho wake ukajiandika wenyewe: huyu ndiye aliyesimama upande wa pili wa mizani.

Ziara zile za ghalani zina hatari yake pia, na inafaa isemwe wazi. Mtu anayekufungulia chumba chake na kukuonyesha hasara hakukupa kibali cha kuifanya mfano. Kijijini, kusema tu “mama mmoja wa upande wa shuleni mwenye watoto wanne” kunatosha kumtaja. Mimi huchanganya: mahindi ya bakuli yanatoka nyumba moja, swali la ada linatoka nyingine, na kisa cha kuuza kwa hofu sikitumii kabisa kama kimetoka kwa mtu mmoja tu. Na mwenye swali huulizwa mara mbili, siku ya ziara na asubuhi ya mafunzo, kwa sababu aliyekubali akiwa peke yake jikoni anaweza kubadilisha mawazo akimwona mumewe amekaa mbele.

Sasa naandaa mafunzo kuhusu kuuza kwa uzito badala ya lumbesa, na mgeni ni kijana aliyewahi kuwa dalali sokoni kabla ya kurudi kulima. Nimeshapita kwenye nyumba, na nilichokisikia zaidi ni kwamba wakulima wanaijua lumbesa inavyowaumiza, ila hawana mizani na mnunuzi yuko na haraka, injini ya lori inanguruma. Maswali niliyomwandikia kijana huyo ni haya: ukiwa dalali, mkulima alifanya nini kilichokufanya ushindwe kumlazimisha? Uliwahi kumpunja mtu ukajua, na alikuwa na nafasi gani ya kugundua? Ulipokuwa mkulima wewe mwenyewe na lori likangoja, uliuza vipi? Swali la pili anasita kulijibu hadharani. Nimemwambia aamue yeye, na kwamba utambulisho utaandikwa baada ya jibu lake, si kabla.